Sera Zangu za Ukiranja

Vijana wenzangu, mmeniomba niirudie hotuba niliyoitoa kidato cha pili hapa Mlowo, nilipogombea ukiranja wa darasa. Haya, tegeni sikio.

“Wanadarasa hoyee! Mkinichagua, viti vya dirishani vitakaliwa kwa zamu, maana baridi ya Juni hapa Mbozi haiwezi kuwa ya watu walewale. Foleni ya uji haitazidi ile ya malori kule Tunduma. Na kile kimondo cha Ndolezi, tani kama 12, nitaomba kiletwe kizuie mlango wetu usibamizwe na upepo. Wakikataa, tutaweka tofali.

Sasa daftari la wapiga kelele. Jamani, mtu akicheka, kaandikwa. Jirani yake akipiga chafya, naye kaandikwa! Kwangu hakuna jina bila saa, kosa na shahidi, na mtuhumiwa atasikilizwa kabla daftari halijafika kwa mwalimu. Rufaa tutazisikiliza chini ya mparachichi, wakati wa mapumziko. Na kura za leo zihesabiwe kwa chaki ubaoni, wote tukiona.”

Kwenye kimondo walicheka mpaka machozi. Kwenye daftari kimya, maana nusu ya darasa walikuwa wameandikwa wiki ile. Miaka baadaye nikiwa chuoni nikakutana na Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba, haki ya kusikilizwa na ya kukata rufaa, nikacheka peke yangu maktaba.

Nilishindwa kwa kura 3. Nilizihesabu mwenyewe pale ubaoni.