Kupunguza na Kunyang'anya: Maana ya Msingi na Maana ya Ziada katika Uteuzi wa Maneno



Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliwakamata ng'ombe wa Wakamba hapa Machakos na kuwauza mnadani kwa bei ya chini. Ilidai kwamba mifugo ilikuwa imezidi na udongo ulikuwa ukimomonyoka. Wenye ng'ombe walijua pia kwamba kiwanda cha nyama cha Athi River kilikuwa kinahitaji ng'ombe. Mwezi wa Julai wakaandamana hadi Nairobi na kupiga kambi Kariokor, wakitaka kumwona Gavana. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu, lakini kabla ya mwaka kwisha serikali iliacha kutwaa mifugo kwa lazima.

Tuchukue sentensi mbili juu ya tukio hilo. Ya kwanza: "Serikali ilipunguza ng'ombe wa Wakamba." Ya pili: "Serikali iliwanyang'anya Wakamba ng'ombe wao." Mwanafunzi akiulizwa tofauti kati ya hizo mbili, mara nyingi hujibu kwamba maana ya msingi ni moja, ila neno la pili lina maana ya ziada iliyo hasi. Jibu hilo limekaririwa mno, na si sahihi.

Maana ya msingi ni ile ambayo neno haliwezi kutengana nayo. Maana ya ziada ni hisia, tathmini na kumbukumbu zinazolifuata neno kutokana na matumizi yake. Njia nzuri ya kuzitenganisha ni kujaribu kuikana sehemu unayoitilia shaka. Sema: "Aliwanyang'anya ng'ombe, lakini walimpa kwa hiari." Sentensi inajipinga yenyewe. Nguvu, basi, imo ndani ya maana ya msingi ya kunyang'anya. Si hisia iliyopakwa juu. Anayelitumia neno hili anatoa dai ambalo linaweza kuthibitishwa au kukanushwa kwa ushahidi.

Sasa geukia kupunguza. Maana yake ya msingi ni kufanya kitu kiwe kichache au kidogo kuliko kilivyokuwa, basi. Lakini hebu fikirini tunapunguza nini kila siku: chumvi katika mchuzi, nywele, matawi ya mwembe, mwendo wa gari. Katika matumizi hayo kuna kitu kilichopita kiasi na mtu mwangalifu anayekirekebisha. Jaribu kukana: "Walipunguza ng'ombe, ingawa hawakuwa wamezidi." Sikio linashtuka kidogo, ila sentensi haijipingi. Wazo la kuzidi, pamoja na lile la uangalifu, ni maana ya ziada. Hapa ndipo palipo hatari zaidi, kwa sababu msomaji hulipokea dai ambalo mwandishi hakulitamka, na hivyo hakuna wa kudaiwa ushahidi.

Tazameni pia sarufi. Katika "iliwanyang'anya", Wakamba ni watendwa: kiambishi -wa- kimewaingiza ndani ya kitenzi. Katika "ilipunguza ng'ombe wa Wakamba", wamebaki kuwa wenye mali tu, na ukisema "mifugo ilipunguzwa" wametoweka kabisa, na serikali pamoja nao. Uteuzi wa neno huteua pia nani aonekane.

Jaribio la kukana lina mpaka wake, na mpaka huo unaonekana vizuri katika udogishaji. "Mtoto amelala" na "kitoto kimelala" huweza kumhusu mtoto mmoja, wa umri uleule. Bibi akisema "kitoto kimelala" huku akimfunika mjukuu, upatanisho wa ki- ni mapenzi. Jirani akisema "kitoto kimenitukana", ni dharau. Hapo hakuna kamusi itakayoamua. Lazima tujue nani anasema, kuhusu nani, na kwa sababu gani. Wala si kila ki- hudunisha: kijana, kiongozi na kipofu ni maneno ya kawaida, na husemwa "kiongozi amefika". Mhusika akisema "kiongozi kimefika", hapo mwandishi amefanya jambo la makusudi, na msomaji asilipite.

Kwa hiyo, wanafunzi wangu wa fasihi, msiandike katika uhakiki wenu kwamba neno fulani "lina maana hasi" mkaishia hapo. Andikeni neno ambalo mwandishi angeweza kulitumia akaliacha. Wekeni yote mawili katika sentensi ileile, jaribuni kuikana maana mnayoihisi, kisha mtueleze ni nani katika hadithi anayefaidika na neno lililochaguliwa.