Hasara Isiyokuwa ya Kawaida: Gharama za Ubora katika Kiwanda cha Siagi ya Karanga



Mgawanyo wa gharama za ubora mnaufahamu: kinga, ukaguzi, hasara zinazogunduliwa kabla bidhaa haijatoka kiwandani, na zile zinazogunduliwa na mteja. Kinachonisimamisha hapa jioni hii ni dai la wenzetu wa uhasibu kwamba kila mchakato una hasara yake ya kawaida, na kwamba hasara hiyo haistahili safu yake kwenye ripoti. Karanga kilo mia zikitoa mbovu nane, wasemavyo wao, tatizo liko wapi? Gharama ya hizo nane hubebwa na tisini na mbili zilizobaki, hesabu ikafungwa.

Kwa taarifa za fedha wako sahihi. Kiwango cha IAS 2 huondoa kwenye thamani ya bidhaa ghalani hasara iliyozidi kawaida tu. Lakini kiwango hicho kiliandikwa kwa ajili ya mwekezaji anayesoma mizania, si kwa meneja anayetaka kujua karanga zake zinaharibikia wapi.

Armand Feigenbaum aliliona hili mapema. Makala yake ya mwaka 1956 katika Harvard Business Review huwa naisoma upya kila ninapoandaa somo hili, na wanafunzi wangu wamechoka kuisikia. Mtu wa General Electric, aliyekulia kwenye karakana, alizipanga gharama kwa kuuliza kila shilingi ilitumika kwa sababu gani, bila kujali idara iliyoitumia. Baadaye alizungumzia kiwanda kilichofichika ndani ya kiwanda: watu, mashine na nafasi vilivyopo kwa ajili tu ya kurekebisha kilichoharibika. Ukishalishika wazo hilo, huwezi tena kuingia ukumbi wa kuchambulia karanga ukaona uzalishaji mtupu.

Niliwahi kuingia ukumbi wa namna hiyo, Dodoma. Akina mama walikaa kwenye meza ndefu, wakitoa punje zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu. Mmoja akaniambia bila kuinua macho, “Mwalimu, sisi tunatoa uchafu walioununua wenyewe.” Kwenye vitabu vya kiwanda, ujira wake ulikuwa chini ya uzalishaji. Kupima sampuli ili kujua shehena ikoje ni ukaguzi. Kuchambua shehena ambayo tayari unajua ni mbovu ni hasara ya ndani.

Tuchukue kiwanda cha mfano kinachonunua kilo 10,000 kwa mwezi, kwa shilingi 3,000 kilo. Makapi ni asilimia 8, yaani kilo 800, shilingi milioni 2.4. Wachambuzi wanane, kwa shilingi 10,000 kwa siku, siku 25, ni milioni 2. Jumla milioni 4.4, na ripoti ya kawaida haina hata mstari mmoja unaozitaja.

Chanzo kiko shambani. Ili maganda yalainike, wabanguaji wengi huyanyunyizia maji kabla ya kubangua, na punje zikiingia gunia zikiwa na unyevu, kuvu hupata makazi. Basi kiwanda kiongeze shilingi 150 kwa kilo kwa karanga zilizobanguliwa kavu, na kimwajiri afisa wa vijijini kwa shilingi 700,000. Kinga hiyo ni milioni 2.2. Makapi yakishuka hadi asilimia 3, hasara yake kwa bei hiyo mpya ni shilingi 945,000, na wachambuzi wanne ni milioni 1. Jumla milioni 4.145.

Nafuu ni shilingi 255,000 tu! Wenzangu watacheka, na wana haki: makapi yakigoma kwenye asilimia 4, faida yote inayeyuka. Hata hivyo sitikisiki. Hesabu hiyo haijagusa hasara ya nje, na kwenye karanga hasara ya nje inaitwa sumukuvu. Kikomo cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo, na kukaanga hakuimalizi. Sumu hujikusanya kwenye punje chache mno, kwa hiyo sampuli mbili za gunia moja zinaweza kutoa majibu yanayopingana, na jicho la mchambuzi halioni kila punje yenye sumu. Ukiongeza fedha za maabara, unaongeza uhakika kidogo tu. Ndiyo maana siamini ukaguzi unaweza kuchukua nafasi ya kinga hapa, hata hesabu zikilingana.

Tena kuna swali la makapi yenyewe. Yakiuzwa kama chakula cha mifugo, mhasibu huandika mapato kidogo na hasara inaonekana kupungua, ilhali sumu ile huweza kurudi kwenye maziwa. Ninachopendekeza ni kuanza na akaunti moja mpya na mizani moja mlangoni pa ukumbi: makapi ya kila shehena yapimwe peke yake, yaandikwe jina la aliyeiuza, na ujira wa kuyachambua uandikwe palepale chini ya jina hilo.