Soda Kilimani

Mwaka 1971, ukungu uliilazimisha ndege kutua Shannon, Ayalandi. Asubuhi yake Bill Backer, mtunzi wa matangazo, aliwaona abiria waliokuwa wamefura kwa hasira wakicheka pamoja, chupa za Coca-Cola mkononi. Hapo likazaliwa tangazo la vijana wa mataifa mbalimbali wakiimba kilimani, Italia.

Katika ngazi ya mahitaji aliyoieleza Abraham Maslow mwaka 1943, kiu iko chini kabisa. Lakini tangazo lile halionyeshi jasho wala koo lililokauka. Vijana wamesimama bega kwa bega, chupa mkononi. Kinachouzwa ni ngazi ya tatu, yaani kupendwa na kuwa na wenzako. Soda ni tiketi tu.

Mwandishi wa insha kuhusu tangazo hili asiishie hapo. Mwaka 1976 Wahba na Bridwell walipitia tafiti zilizokuwapo, wakakuta ushahidi hafifu kwamba mahitaji hufuatana ngazi kwa ngazi. Mifano ya watu waliofika kileleni mwa ngazi Maslow aliichagua mwenyewe, wengi wao wakiwa Wamarekani na Wazungu, na wakosoaji huona humo ubinafsi wa Kimagharibi.

Hata tangazo lenyewe linaivuruga ngazi: mnywaji hukata kiu na kutafuta wenzake kwa funda lilelile.