Karatasi ya Sola: Maelezo ya Mwenyekiti kwa Wanachama



Nimeombwa nieleze ile karatasi inayokuja na sola, kwa sababu wengi sasa wanakuja kwenye kamati ya mikopo wameishika mkononi. Nitaanza na ya mwenzetu mmoja, maana inafundisha.

Aliuza nanasi, akaleta karatasi ya duka moja la mjini: paneli ya wati 150, na bei nzuri kweli. Katikati ya karatasi pameandikwa urefu sentimita 70, upana 50. Sisi tukachukua kalamu. Zidisha 70 kwa 50 unapata 3,500, yaani karibu theluthi moja ya mita mraba. Jua kali la saa sita mchana humwaga kama wati 1,000 juu ya mita mraba moja. Kwa hiyo paneli ile inapokea wati 350 tu, basi. Itatoaje 150? Hiyo ni zaidi ya asilimia 40, na paneli nzuri zinazouzwa madukani hutoa asilimia 20 hadi 23 hivi. Ile haiwezi kupita wati 80. Muuzaji alimwambia ni teknolojia mpya. Jamani, futi kamba ya fundi cherehani haidanganyiki.

Hiyo asilimia ndiyo inayoitwa ufanisi. Watu huiogopa ikiwa ndogo, lakini si lazima. Mwenzetu mwishowe alinunua paneli ya wati 100 yenye urefu wa sentimita 120 na upana 54. Ufanisi wake ni asilimia 15 tu, lakini wati zake ni za kweli. Ufanisi mdogo maana yake paneli inakula nafasi zaidi, na bati la nyumba yake lina nafasi tele.

Sasa hizo wati 100, ambazo kwenye kibandiko cha nyuma zimeandikwa Pmax, zimepimwa kiwandani paneli ikiwa na joto la nyuzi 25. Juu ya bati letu hapa Kiwangwa paneli hufika nyuzi 60 mchana, na kila nyuzi inayoongezeka hupunguza kidogo. Mchana wa joto utapata kama 85. Kwa hiyo acheni nafasi chini yake, upana wa kiganja, upepo upite. Msiilaze juu ya bati. Na jua la saa sita halikai kutwa. Ukijumlisha asubuhi na jioni, ukatoa kinachopotea kwenye nyaya na betri, wati 100 zinakuachia kama wati-saa 300 kwa siku ya jua. Siku za masika zenye mawingu zinaweza kuwa nusu ya hapo.

Yeye anatumia nini? Taa nne za wati 5, saa tano kila usiku: 100. Televisheni ya wati 30, saa nne: 120. Redio na simu, tuseme 50. Jumla 270. Inatosha, ila masika itabidi televisheni ipumzike.

Betri yake imeandikwa 12V 100Ah. Zidisha 12 kwa 100: wati-saa 1,200. Ni ya risasi na maji ya asidi, na betri ya namna hiyo haitaki kushushwa chini ya nusu; ukiimaliza kila usiku inakufa mapema sana. Kwa hiyo zako ni 600, yaani usiku mbili na kidogo bila jua. Ya lithiamu unaweza kutumia asilimia 80 na zaidi, ila bei yake inauma. Na betri ya risasi iinue kwanza: ya 100Ah ina kilo 25 hadi 30. Ukiibeba kwa mkono mmoja kama ndoo ya maji nusu, muulize muuzaji risasi iko wapi.

La mwisho ni waranti. Ukiona miaka 25, hiyo ni ahadi kwamba paneli haitashuka chini ya kama asilimia 80 ya nguvu yake. Paneli yenyewe, kioo na fremu, mara nyingi ni miaka 10 au 12, na betri ya risasi huenda ni mwaka mmoja tu. Soma pia masharti, maana betri iliyofungwa bila kidhibiti chaji mara nyingi hawaipokei. Kiwanda kiko mbali, kwa hiyo anayekujibu ni duka. Namba iliyo kwenye kibandiko cha paneli na ya betri ziandikwe kwenye risiti ya mashine au kwenye kadi yenye muhuri wa duka, kabla hujatoa fedha. Kamati ya mikopo sasa inaomba nakala ya risiti hiyo pamoja na vipimo vya paneli.

Mwenye karatasi yake aje nayo hapa mezani, na futi kamba ipo.