Barua kwa Wazazi Kuhusu Kazi za Nyumbani: Aya ya Mtoto Asiyemaliza

Ndugu walimu wakuu na walimu wa taaluma, maana ya kazi ya nyumbani tunaijua sote: ni zoezi la kukazia kilichokwisha kufundishwa darasani. Kuhusu kiasi, kipimo kinachotumika katika shule nyingi za Marekani ni dakika 10 kwa kila darasa, hivyo Darasa la Nne wapewe dakika 40 kwa siku kwa masomo yote. Kisizidi hapo, kwa sababu mapitio ya tafiti ya Harris Cooper na wenzake, yaliyochapishwa mwaka 2006, yalionyesha kuwa uhusiano kati ya kazi za nyumbani na ufaulu ni hafifu kwa watoto wa madarasa ya chini kuliko wa sekondari.

Tatizo liko kwenye aya ya tatu ya barua tunayowaandikia wazazi kuhusu kazi hizo, aya ambayo kwa kawaida huandikwa hivi: "Mzazi ahakikishe mtoto anamaliza kazi yote." Sentensi hiyo ndiyo inayomfanya kaka mtu afanye hesabu na mdogo wake anakili, na mwalimu asahihishe kazi isiyo ya mwanafunzi wake. Tuseme mtoto amepewa hesabu 10 za kugawanya, na dakika 40 zimekwisha akiwa kwenye ya tano: 824 kugawanya kwa 8. Ameandika 13. Hajui kuwa 2 haitoshi kugawanywa kwa 8, kwamba hapo huandikwa 0 kabla ya kushusha 4 ili jibu liwe 103. Akilazimishwa kumaliza, atarudia kosa hilo katika hesabu zinazobaki. Akiachwa hapo, mwalimu ataliona kosa asubuhi. Wanafunzi wengi wakikwama hapohapo, kipindi kirudiwe. Akikwama mmoja, aitwe kando aelekezwe.

Wapo wanaosema utaratibu huu utazaa uvivu. Hofu hiyo ina msingi, lakini mtoto mvivu huacha popote, leo swali la pili, kesho la saba, ilhali aliyekwama huacha mahali pamoja, tena panapofutwafutwa. Wengine wanauliza kuhusu mzazi asiyejua kusoma. Huyo hahitaji kusoma. Muda ukiisha apige mstari chini ya swali la mwisho alilofikia mtoto.

Kwa hiyo, kwa kuzingatia miongozo ya kila shule, ninapendekeza barua itaje dakika, si idadi ya maswali. Iseme wazi kuwa muda ukiisha kazi ikome, na mzazi apige mstari. Iseme pia kuwa mzazi asimfanyie mtoto kazi, wala kaka au dada. Walimu wa masomo wapeane zamu za siku, kwani dakika 40 ni za masomo yote. Tena narudia, muda ukiisha kazi ikome. Na daftari lenye mstari lisomwe kabla ya kipindi kuanza, wala mwenye daftari hilo asichapwe, asisimamishwe mbele ya wenzake, wala asinyimwe mapumziko.