Kufidia Saa Zilizopotea Baada ya Umeme Kukatika: Mfano wa Upakiaji Chai Shimanzi

Utangulizi

Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, umeme ulikatika karibu Kenya nzima, na baadhi ya maeneo yalikaa gizani karibu siku nzima. Mada hii inauliza jinsi ya kupanga zamu baada ya tukio kama hilo. Mfano wangu ni kiwanda cha kubuni cha kupakia chai hapa Shimanzi, Mombasa, chenye zamu mbili za saa 8, siku sita kwa wiki.

Kuhesabu hasara

Tuchukulie kwamba umeme ulirudi Jumamosi usiku. Zamu mbili za Jumamosi zimepotea, yaani saa 16. Jumatatu inaongezeka saa moja ya kujaza hewa kwenye kompresa, kurekebisha mizani na kupima unyevu wa chai iliyobaki kwenye pipa la kuchanganyia, kwa kuwa chai hufyonza unyevu wa pwani upesi. Jumla ni saa 17. Kabla ya kupanga lolote, angalia oda ipi ina meli ya kuiwahi Kilindini, nyingine zisubiri.

Ratiba

Kiwanda cha zamu tatu hakina saa ya kuongeza ila siku ya mapumziko. Cha zamu mbili kina nafasi usiku. Zamu ya kwanza ianze saa 10 alfajiri badala ya saa 12, na ya pili imalizike saa 6 usiku badala ya saa 4. Mashine hupata saa 4 zaidi kwa siku. Tukifanya hivyo Jumanne, Jumatano, Alhamisi na Jumamosi, tunapata saa 16 kati ya 17. Ijumaa ibaki kama kawaida, ili sala ya Ijumaa isiminywe na wafanyakazi wapumue.

Kila mfanyakazi ataongeza saa 8: wiki hiyo saa 56, inayofuata 48, jumla 104 bila kuhesabu saa ya 17. Amri ya jumla ya mishahara inaweka kikomo cha saa 116 kwa wiki mbili. Ovataimu hulipwa mara moja na nusu. Siku ya mapumziko hulipwa mara mbili. Kwa saa 8 zilezile, mpango huu unagharimu ujira wa saa 12, na kazi ya Jumapili ingegharimu wa saa 16.

Panapoharibika

Kosa kubwa ni kubadilisha vikundi katikati ya wiki: anayetoka saa 6 usiku hawezi kurudi saa 10 alfajiri. Lingine ni usafiri. Wa Mji wa Kale anaweza kufika kwa miguu, lakini wa Likoni anategemea feri na matatu, ambazo alfajiri ni chache. Basi la kiwanda liwangoje kwenye feri.

Pima fidia kwa katoni zilizopita ukaguzi. Pakiti zinazovuja au zenye uzito pungufu zikiongezeka katika saa ya tisa na ya kumi ya zamu, uchovu umeingia. Hapo punguza nyongeza iwe saa moja, na fidia iendelee wiki ya pili. Saa ya 17 nayo ipangwe wiki hiyo, baada ya kuhesabu katoni za Jumamosi.