Kutoka Kyaka hadi Kampala: Vita vya Kagera mbele ya vigezo vya vita vya haki



Nimeombwa nieleze nadharia ya vita vya haki na kuipima kwa tukio moja. Nimechagua Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, kwa sababu mwanzo wake hauna utata mkubwa: nchi moja ilivamia, nyingine ikavamiwa. Ikiwa hivyo, wengi huona kwamba suala la haki limekwisha, kwani mwenye kosa anajulikana. Mimi nasema ndipo linapoanza. Ndani ya vita hivi mna vita viwili, na sababu iliyohalalisha vile vya kwanza haikutosha kuhalalisha vile vya pili.

Nadharia yenyewe ni ya zamani. Agostino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliishughulikia mwanzoni mwa karne ya tano. Thomas wa Akwino aliipanga vizuri zaidi katika karne ya 13. Upande wa Uislamu, ash-Shaybani aliandika kwa kina kuhusu sheria za vita tangu karne ya nane. Inauliza mambo ya aina mbili. La kwanza wanaulizwa watawala: je, ni haki kuingia vitani? Hapo tunatazama sababu, mamlaka ya anayeamua, nia, kama njia nyingine zimekwisha, kama kuna tumaini la kufanikiwa, na kama madhara ya vita hayatazidi uovu unaozuiwa. La pili anaulizwa kila anayebeba silaha: je, unapigana kwa haki? Hapo tunatazama kama raia wanatofautishwa na askari, na kama nguvu inayotumika inalingana na shabaha ya kijeshi. Jibu la swali moja si jibu la lingine. Aliyevamiwa anaweza kupigana kwa uovu, na askari wa mvamizi anaweza kuwahifadhi mateka vizuri.

Sasa twende Kagera. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuteka eneo lote la Tanzania lililo kaskazini ya Mto Kagera, yapata kilomita za mraba 1,800. Tarehe 1 Novemba Redio Uganda ilitangaza kuwa eneo hilo sasa ni la Uganda. Siku mbili baadaye daraja la Kyaka lililipuliwa. Raia waliuawa, ng'ombe wakaswagwa kwenda Uganda, kiwanda cha sukari cha Kagera kikaporwa.

Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa. Wengi wetu tunayakumbuka mambo matatu aliyoyataja kuhusu kumpiga Amin: kwamba Tanzania ina uwezo, ina sababu, na ina nia. Mtu aliyesoma nadharia hii hawezi kuyasikia bila kushtuka kidogo, maana ni vigezo vitatu kati ya sita. Sababu ilikuwa wazi: kuteka ardhi na kuitangaza yako ni uchokozi ambao Kifungu cha 51 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kinampa aliyeshambuliwa haki ya kujibu. Uwezo ni lile tumaini la kufanikiwa, ambalo linawazuia viongozi wasipeleke vijana kufa bure. Mamlaka hayakuwa na shaka, kwani aliyeamua ni Rais wa nchi huru na Amiri Jeshi Mkuu. Kuhusu nia, inafaa tuwe waangalifu. Nia aliyoitaja Mwalimu ilikuwa dhamira, uthabiti wa moyo. Nia ambayo Thomas wa Akwino aliidai ni nyingine: kwamba unapigana ili kurudisha amani iliyovunjwa, wala si kwa chuki au kiu ya kulipiza. Mtu anaweza kuwa na ile ya kwanza kwa wingi bila kuwa na hii ya pili.

Kigezo kinachobishaniwa zaidi kuhusu Novemba ile ni njia ya mwisho. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulituma ujumbe wa usuluhishi. Amin naye alisema yuko tayari kuondoka, iwapo Tanzania itaahidi kuacha kuwasaidia Waganda waliokimbilia kwake. Nyerere alikataa. Alitaka kwanza uvamizi ulaaniwe, na Umoja haukufanya hivyo. Je, hapo njia ya mwisho ilikuwa imefikiwa?

Wapo wanaosema haikufikiwa, na hoja yao si ya kupuuzwa. Tangu Rais Obote wa Uganda apinduliwe na Amin Januari 1971, Tanzania ilimhifadhi. Septemba 1972 wafuasi wake waliishambulia Uganda kutoka ardhi yetu wakashindwa, na Mkataba wa Mogadishu wa Oktoba mwaka huo ulizitaka pande zote mbili ziache mambo kama hayo. Kwa hiyo Amin alikuwa na lalamiko, hata kama alilitumia vibaya. Lakini kigezo cha njia ya mwisho hakimdai mtu ajaribu kila njia inayoweza kufikiriwa, kwa kuwa daima kuna mkutano mmoja zaidi wa kuitisha. Kinadai njia zenye tumaini la kweli. Mvamizi anayeweka masharti akiwa bado amekalia ardhi ya mwenzake anataka alipwe kwa kuondoka. Msuluhishi anayewapima sawa mvamizi na mvamiwa anaufanya uvamizi kuwa njia ya kawaida ya kuanzisha mazungumzo. Kwa maoni yangu, Tanzania ilikitimiza kigezo hiki kuhusu kuikomboa Kagera.

Nasema kuhusu kuikomboa Kagera, na hapo ndipo penye fundo. Kufikia mwanzoni mwa 1979 JWTZ ilikuwa imelirudisha eneo lote. Sababu ya Novemba ilikuwa imetimizwa. Kila hatua baada ya hapo ilihitaji sababu yake.

Hatua ya kwanza ilikuwa Mutukula, Januari 1979. Mji huo upo mpakani, kwenye mwinuko ambao mizinga ikiwekwa hapo inaweza kuipiga Kagera. Kuuteka ni kujihami bado: unaondoa tishio lililo dhahiri, karibu, lililokwisha kutumika. Hatua ya pili ilikuwa Masaka na Mbarara, miji iliyotekwa mwishoni mwa Februari. Masaka ipo zaidi ya kilomita 80 kutoka Mutukula, na hakuna mzinga wa Amin uliofika Tanzania kutoka huko. Msimamo wa serikali ulikuwa kwamba kumwondoa Amin ni kazi ya Waganda wenyewe, na kwamba Amin anapaswa kuadhibiwa ili asirudie. Adhabu ilikubalika kama sababu ya vita kwa Agostino na kwa Thomas, lakini sheria ya leo haiitambui, na ina haki. Anayeadhibu lazima awe hakimu, na katika vita hakuna upande usiokuwa mdai. Zaidi ya hayo, adhabu haimwangukii aliyekosa. Amin alikuwa Kampala, na waliopigwa mabomu walikuwa watu wa Masaka.

Hatua ya tatu ilitokana na Libya. Gaddafi alituma askari kumsaidia Amin, wakapambana na JWTZ huko Lukaya mwezi Machi, na mwisho wa mwezi huo ndege yake ilikwenda kulipua ghala la mafuta la Mwanza, ikakosa shabaha, mabomu yakaanguka kwenye hifadhi ya Kisiwa cha Saanane. Kuanzia hapo Dar es Salaam iliona kuwa Waganda peke yao hawataweza, na jeshi likaelekezwa Kampala.

Hatua hii ya tatu naiona ina sababu bora kuliko ya pili. Kulikuwa na shambulio jipya. Zaidi, kulikuwa na jambo ambalo serikali yetu haikutaka kulifanya hoja yake rasmi: kuwaokoa Waganda. Makadirio ya waliouawa chini ya utawala wa Amin yanaanzia 80,000 na kufika 500,000. Mwanafalsafa Michael Walzer, katika kitabu chake cha 1977, anakubali kuwa mauaji ya halaiki yanayotikisa dhamiri ya binadamu yanaweza kuhalalisha jirani kuingilia kati. Tanzania haikuitumia hoja hiyo kwa sababu Katiba ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikataza kuingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine, na Nyerere hakutaka kuubomoa ukuta unaozilinda nchi ndogo. Naelewa tahadhari yake. Lakini iliacha pengo kati ya sababu iliyotajwa na kazi iliyofanywa, na katika mkutano wa wakuu wa nchi huko Monrovia, Julai 1979, Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria waliliona pengo hilo na kuishutumu Tanzania.

Mamlaka nayo yalipaswa kuulizwa upya. Rais wa Tanzania ana haki ya kuilinda Tanzania. Nani alimpa haki ya kuchagua serikali ya Uganda? Mkutano wa Moshi wa Machi 1979, uliowakusanya Waganda wa uhamishoni na kumweka Yusuf Lule kuwa mwenyekiti, ulikuwa jaribio la kulijibu swali hilo. Ulikuwa bora kuliko kutokuwa na jibu, ingawa waliokusanyika hawakuwa wamechaguliwa na mtu yeyote ndani ya Uganda.

Nageukia mwenendo wa mapigano. Mutukula ilipotekwa, askari wetu waliua raia na kuubomoa mji, wakilipiza waliyoyaona Kagera. Nyerere alipopata habari alikasirika sana, akatoa amri kuwa raia na mali zao wasiguswe. Amri hiyo ni muhimu, maana inaonyesha kuwa kosa lilitambuliwa na aliyekuwa na uwezo wa kulizuia. Hata hivyo huko Masaka na Mbarara majengo yalilipuliwa tena, mapigano yakiwa yamekwisha. Jinsi ya kuitambua tofauti ni kuuliza: jengo hili lingelipuliwa kama kilichotafutwa ni ushindi tu? Nyumba ambayo adui anapigana akiwa ndani yake ni shabaha. Nyumba inayolipuliwa baada ya adui kukimbia ni kisasi, hata kama aliyeilipua alizika ndugu zake Kyaka.

Roketi zilileta tatizo lingine. Mtambo wa BM-21, uliojulikana kama Saba Saba, hurusha makombora 40 kwa muda mfupi na kuyatawanya juu ya eneo pana. Dhidi ya kambi iliyo porini ni silaha halali. Dhidi ya mji wenye watu, haiwezi kuchagua. Kusema kwamba raia hawakukusudiwa hakutoshi. Inabidi uonyeshe kuwa ulikubali hatari zaidi upande wako ili kuipunguza upande wao, kwa kutoa onyo au kwa kupeleka askari wa miguu mahali ambapo roketi zingekuwa rahisi zaidi.

Mfano wa kukubali hatari hiyo upo, tena Kampala. Kabla ya mji kutekwa, Aprili 1979, Nyerere aliagiza barabara ya kwenda Jinja iachwe wazi ili Walibya waondoke. Kwa hesabu ya kijeshi tu, kumfungia adui ndani ni faida. Lakini jeshi lililofungiwa hupigana nyumba kwa nyumba, na nyumba hizo zina watu. Uamuzi huo uliuokoa mji na mapigano makali. Gharama yake ni kwamba wanajeshi wa Amin nao waliitumia barabara hiyo, wakapora na kuua walikopita, na JWTZ ilibidi iendelee kupigana hadi mpaka wa Sudan, ambako vita viliisha tarehe 3 Juni.

Bado naamini ulikuwa uamuzi wa haki. Vifo vya Kampala vingetokana na mizinga yetu wenyewe, katika mji ambao tayari tulijua umejaa raia. Vifo vya mashariki, kwenye barabara hiyo ya Jinja, vilitokana na watu walioamua kuua wakiwa wanakimbia, na wajibu wetu kwa vifo hivyo ulikuwa kuwafuata haraka. Kama tuliwafuata haraka ipasavyo ni jambo ambalo ningependa tulijadili.